Jinsi ya kupima superkondakta kwa nitrojeni kimiminika ukiwa Mbeya, na kujua kama ni ya aina ya kwanza au ya pili

Walimu wa fizikia na wanafunzi wa vyuo wa Nyanda za Juu Kusini wanaojaribu zoezi hili hukwama palepale. Wanapata kipande cheusi cha YBCO, superkondakta ya kauri, wanakimwagia nitrojeni, sumaku inaelea, darasa linashangilia. Kisha linakuja swali la mtihani: je, hii ni superkondakta ya aina ya kwanza au ya pili? Hapo majibu yanagawanyika. Mmoja anasema ya kwanza, kwa kuwa sumaku imesukumwa juu. Mwingine anasema ya pili, kwa kuwa jotoridi lake kikomo ni kubwa. Wa pili amepata jibu, lakini sababu aliyotoa haina uzito wowote kuliko ya mwenzake.

Kuelea peke yake hakukuambii aina. Ukinzani kuwa sifuri hakukuambii aina. Kinachokuambia ni jinsi uga wa sumaku unavyoingia ndani ya kipande, na hilo unaliona tu ukifuata utaratibu: kipi kimetangulia, baridi au sumaku, na kipande kilifanya nini uga ulipozidishwa na kupunguzwa. Mwongozo huu unakupitisha katika kazi hiyo, kwanza mezani, kisha kwenye karatasi.

## Vifaa

Tafuta vyote kabla ya kwenda kuchukua nitrojeni, kwa sababu nitrojeni haikusubiri.

- Kipande cha YBCO, yaani YBa2Cu3O7, chenye kipenyo cha sentimita 2 hadi 3. Ukiagiza, uliza kimetengenezwa vipi. Kipo kilichochomwa kutokana na unga ulioshindiliwa, na kipo kilichoyeyushwa na kupozwa taratibu hadi kikawa na punje kubwa. Tofauti hiyo utaikuta Hatua ya 3.
- Kipande kingine kilichofungwa nyaya nne na themokapo ya aina ya K, kwa ajili ya kupima jotoridi kikomo.
- Sumaku ndogo ya neodimiamu, ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 8 hadi 12.
- Multimita mbili zinazosoma hadi 0.01 mV. Ile ya kawaida ya fundi umeme, inayoishia 0.1 mV, haitoshi.
- Betri ya volti 6 na rezista ya omu 56 yenye uwezo wa wati 1 au zaidi. Hizi mbili zinakupa mkondo wa milliampea 100 hivi.
- Povu jeupe gumu linalofungashia televisheni. Maduka ya vifaa vya umeme Mwanjelwa hulitupa kila siku.
- Kikombe cha bati, mchanga mkavu, barafu iliyopondwa, kibano cha plastiki au cha mbao, kipande cha mbao chenye unene wa milimita 5, na rula.
- Nitrojeni kimiminika, lita 2, kwenye chombo chake maalumu.

Nitrojeni yenyewe ndiyo ile ile wanayotumia wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe kuhifadhi mbegu. Ukienda kuomba, omba kutoka kwenye mtungi wa akiba, kamwe usiombe kutoka kwenye mtungi wenye mbegu. Kiwango kikishuka humo, mbegu zinaharibika na mfugaji wa Rungwe au Njombe ndiye anayelipa.

## Usalama, kabla ya hatua yoyote

Lita moja ya nitrojeni kimiminika ikichemka yote inatoa zaidi ya lita 700 za gesi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inasukuma oksijeni nje ya chumba. Fanya kazi madirisha yakiwa wazi, hata kama ni Juni na baridi ya Mbeya inauma. Ukisafirisha kwa gari, chombo kikae wima, kimefungwa kisianguke, na vioo vishushwe.

Usifunge kizibo cha kukaza juu ya nitrojeni. Chupa ya chai iliyokazwa inageuka bomu. Kifuniko kiwe chepesi, kiegeshwe tu.

Vaa miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole. Glavu ziwe pana za kuvuka haraka, kwa sababu nitrojeni ikiingia ndani ya glavu inayobana inakaa na kuunguza.

## Hatua ya 1: Hakiki kipimajoto chako kwa mwinuko wa mahali ulipo

Hatua hii haipo kwenye miongozo iliyoandikwa kwa watu wa pwani, na ndiyo inayowachanganya watu wa kwetu.

Vitabu vinasema nitrojeni inachemka kwenye 77.4 K. Hiyo ni kweli kwenye usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hapo shinikizo la hewa ni kama asilimia 81 ya lile la Dar es Salaam. Shinikizo likipungua, kimiminika kinachemka kwenye jotoridi la chini zaidi. Kwa Mbeya nitrojeni inachemka karibu na 75.6 K, Iringa inazidi hapo kidogo tu, na Njombe inapungua kidogo.

Weka ncha moja ya themokapo ndani ya barafu iliyopondwa na maji, ambayo ndiyo sifuri yako ya selsiasi, na ncha ya pili ndani ya nitrojeni. Themokapo ya aina ya K ingesoma karibu -5.83 mV pwani. Mbeya itasoma karibu -5.85 mV.

Ukifaulu: usomaji unatulia kwenye -5.85 au jirani yake na hausogei. Onyo: usiirekebishe multimita ili ilingane na kitabu. Ukifanya hivyo, jotoridi kikomo utakalopata litakosewa kwa karibu kelvini 2, na utadhani kipande chako ni kibovu au ni bora kuliko kilivyo. Ukisoma -5.6 au chini ya hapo kwa ukubwa, ncha ya upande wa nitrojeni haijazama.

## Hatua ya 2: Pima jotoridi kikomo

Jotoridi kikomo ni lile ambalo chini yake ukinzani wa kipande unatoweka kabisa. Kwa YBCO nzuri ni kama 92 K, kelvini kumi na sita hivi juu ya nitrojeni ya Mbeya, ndiyo maana tunaweza kulifikia bila heliamu.

Unganisha nyaya nne. Nyaya mbili za nje zibebe mkondo kutoka kwenye betri kupitia rezista. Nyaya mbili za ndani ziende kwenye multimita ya volti. Sababu ni hii: ukinzani wa kipande ni milliomu chache tu, ilhali ukinzani wa viungo vya nyaya unaweza kuwa mara mia ya huo. Ukitumia nyaya mbili, utakuwa unapima viungo, na usomaji wako hautafika sifuri hata kipande kikiwa superkondakta kamili. Kwa nyaya nne, multimita haivuti mkondo wa maana kwenye nyaya za ndani, kwa hiyo viungo vyake havihesabiki.

Kaanga mchanga kwanza ukauke, uache upoe, kisha zika kipande ndani ya kikombe cha mchanga huo, themokapo ikiwa imegusa kipande chenyewe. Weka kikombe ndani ya sanduku la povu. Mimina nitrojeni mpaka mchanga ulowe na mchemko mkali utulie.

Pima wakati wa kupanda joto, si wakati wa kushuka. Ukimwaga nitrojeni, kipande kinaporomoka kwa kasi na themokapo haiendi sambamba nacho. Nitrojeni ikishakauka, mchanga unapasha kipande polepole, na vitu vyote viwili vinakuwa kwenye jotoridi moja. Andika volti kila themokapo inapobadilika kwa 0.01 mV.

Kwa kila usomaji, geuza nyaya za betri na usome tena. Chukua nusu ya tofauti ya masomo mawili. Viungo vya metali tofauti kwenye baridi vinazalisha volti yake ndogo, ambayo haigeuki ishara unapogeuza mkondo. Usipoiondoa, utaona "ukinzani" ambao haupo.

Tuchukue mfano. Tuseme volti ya nyaya za ndani ilikuwa 0.00 mV tangu mwanzo, ikaanza kunyanyuka themokapo iliposoma -5.58 mV, ikaacha kupanda kwa kasi iliposoma -5.55 mV, ikiwa 0.40 mV. Kwenye jedwali la aina ya K, -5.55 mV ni nyuzi -180 za selsiasi, na -5.73 mV ni nyuzi -190. Kwa hiyo kila nyuzi moja hapo ni 0.018 mV. Usomaji wa -5.58 ni nyuzi 1.7 chini ya -180, yaani -181.7, ambayo ni 91.5 K. Usomaji wa -5.55 ni 93.2 K. Andika hivi: ukinzani unaanza kuanguka kwenye 93.2 K na unafika sifuri kwenye 91.5 K. Usiandike namba moja tu, kwa sababu upana wa mpito unaeleza ubora wa kipande.

Ukifaulu: mpito una upana wa kelvini 1 hadi 3. Ukiona upana wa kelvini 10 au zaidi, kipande kimepoteza oksijeni au kimelika kwa unyevu. Ukiona volti haibadiliki kabisa, angalia kwanza kama mkondo unapita. Mara nyingi waya wa nje umeachia, na sifuri unayoiona ni sifuri ya betri iliyokatika.

Kumbuka kwamba mpaka hapa hujajua aina. Waya wa risasi kwenye heliamu ungekupa mchoro wa umbo hili hili, ila kwenye 7.2 K.

## Hatua ya 3: Jaribio la sumaku, mara mbili kwa utaratibu tofauti

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiikimbilie.

Superkondakta yoyote ina kikomo cha uga pia. Ya aina ya kwanza ina kikomo kimoja: chini yake inausukuma uga wote nje, juu yake inaacha kuwa superkondakta ghafla na uga unapita kama kwenye metali ya kawaida. Ya aina ya pili ina vikomo viwili. Chini ya kikomo cha chini inausukuma uga wote. Kati ya viwili hivyo inauruhusu uga uingie kwa nyuzi nyembamba nyembamba, huku sehemu iliyobaki ikiendelea kuwa superkondakta na ukinzani ukibaki sifuri. Juu ya kikomo cha juu kila kitu kinaisha.

Kwa YBCO kwenye nitrojeni, kikomo cha chini hakizidi makumi machache ya millitesla. Uso wa sumaku ya neodimiamu una tesla 0.3 au zaidi. Kwa hiyo ukiisogeza sumaku karibu, umeshavuka kikomo cha chini. Kikomo cha juu kiko mbali sana, hutakifikia kwa sumaku ya mkononi.

### 3(a): Baridi kwanza, sumaku baadaye

Weka kipande ndani ya bakuli la povu, mimina nitrojeni hadi ifike usawa wa uso wake, subiri mchemko utulie. Sumaku iwe mbali, angalau nusu mita.

Shusha sumaku polepole kwa kibano kutoka juu, iachie. Pima urefu wake juu ya kipande. Sasa isukume chini kwa ncha ya kibano mpaka karibu iguse, kisha iachie. Pima tena.

Tazama urefu wa pili. Kama ungekuwa na superkondakta safi ya aina ya kwanza, na uga uliobaki chini ya kikomo chake, sumaku ingerudi palepale ilipokuwa, kwa sababu hakuna kilichoingia ndani. Kwa YBCO haitarudi yote. Itabaki chini zaidi. Ulipoisukuma, nyuzi za uga ziliingia ndani ya kipande, zikanaswa kwenye kasoro za fuwele, na zilipotakiwa kutoka hazikutoka zote. Huo upungufu wa milimita moja au mbili ndio ushahidi wako wa kwanza wa aina ya pili. Uandike kwa namba.

### 3(b): Sumaku kwanza, baridi baadaye

Acha kipande kipate joto la chumba kabisa. Weka kipande cha mbao cha milimita 5 juu yake, na sumaku juu ya mbao. Ndipo umimine nitrojeni. Mchemko ukitulia, vuta mbao taratibu.

Kipande kilichoyeyushwa cha punje kubwa kitaishika sumaku pale pale, milimita 5 juu. Ukiisukuma pembeni inarudi. Ukiinyanyua kwa kibano, kipande chote kinanyanyuka nayo bila kugusana. Sumaku ya mviringo ukiizungusha kwenye mhimili wake inazunguka kwa uhuru, kwa sababu uga wake unabaki uleule pande zote na hakuna uzi unaolazimika kuhama.

Superkondakta ya aina ya kwanza isingefanya hivyo. Ingeuondoa uga wote ilipovuka jotoridi kikomo, sumaku ingesukumwa tu, na hakuna ambacho kingeivuta irudi chini. Nguvu inayosukuma na kuvuta kwa pamoja inahitaji uga ulionaswa ndani, na hali hiyo ya kuwa na uga ndani bila kupoteza ukinzani sifuri ndiyo hali ya mchanganyiko ya aina ya pili.

Onyo kwa mwenye kipande cha kuchomwa: kipande cha namna hiyo kina punje ndogo zisizoshikana vizuri, na kunasa kwake ni dhaifu. Unaweza kuona sumaku ikijinyanyua yenyewe kidogo unapopoza, na haitabeba kipande. Wengi wakiona hivyo wanaandika "aina ya kwanza". Si kweli. YBCO ni aina ya pili hata isiponasa, kwa sababu aina inategemea uga kuingia kwa nyuzi, wala si nguvu ya kuzishika nyuzi hizo. Rudi kwenye 3(a) na ulinganishe urefu kabla na baada ya kusukuma. Hata kipande dhaifu kitaonyesha tofauti.

Ukifaulu: una jedwali lenye urefu tatu: 3(a) kabla ya kusukuma, 3(a) baada ya kusukuma, na 3(b). Kama zote tatu ni sawa, uliweka mbao na sumaku baada ya kipande kupoa au kipande hakikupata joto kati ya majaribio, na uga wa jaribio la kwanza ulibaki ndani.

Ukimaliza, usikiache kipande kikiwa na umande. Maji yanaila YBCO, na kwa mtu wa Tukuyu, ambako mvua haikatiki, hili ndilo linaloua vipande vingi. Kikaushe kwa mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini, kisha kihifadhi ndani ya mfuko uliozibwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

## Hatua ya 4: Hesabu uga kikomo wa aina ya kwanza

Risasi huwezi kuipima kwa nitrojeni, kwa kuwa jotoridi lake kikomo ni 7.19 K. Lakini namba zake zinajulikana vizuri, na kwa karatasi unaweza kujua ingefanya nini. Uga kikomo unapungua kadiri unavyokaribia jotoridi kikomo:

```
Bc(T) = Bc(0) × [1 − (T/Tc)²]
```

Kwa risasi Bc(0) ni 80.3 mT. Tuiweke kwenye 4.2 K, jotoridi la heliamu kimiminika pwani:

```
T/Tc     = 4.2 / 7.19 = 0.584
(T/Tc)²  = 0.341
Bc(4.2)  = 80.3 × (1 − 0.341) = 52.9 mT
```

Soma jibu hilo pamoja na sumaku yako. Tesla 0.3 ni 300 mT, karibu mara sita ya kikomo cha risasi. Risasi iliyo chini kabisa ya sumaku hiyo isingekuwa superkondakta kabisa. Ndiyo maana hakuna anayetengeneza koili ya mashine ya MRI ya tesla 1.5 kwa waya wa risasi safi: waya ungezimwa na uga wake wenyewe kabla ya kufika popote. Koili hizo zinatengenezwa kwa aloi ya niobiamu na titani, ya aina ya pili, ambayo kwenye 4.2 K kikomo chake cha juu kinafika karibu tesla 10.

Angalia kwamba aloi hiyo ina jotoridi kikomo la kelvini 9 hivi, kelvini mbili tu juu ya risasi. Jotoridi halikuamua aina.

## Hatua ya 5: Tafuta kinachoamua aina

Urefu mbili ndizo zinazoshindana. Ya kwanza ni kina ambacho uga unapenya kwenye uso wa superkondakta kabla ya kufifia, tuiite λ. Ya pili ni umbali mfupi zaidi ambao hali ya usuperkondakta inaweza kuzimika na kurudi, tuiite ξ. Gawanya ya kwanza kwa ya pili:

```
κ = λ / ξ
κ < 0.71   aina ya kwanza
κ > 0.71   aina ya pili
```

Sababu ni ya nishati. Ukiuruhusu uga uingie, unaokoa nishati ya kuusukuma, na uokoaji huo unaenea hadi kina cha λ. Lakini lazima uharibu usuperkondakta katika upana wa ξ, na hiyo ni gharama. ξ ikiwa kubwa, mpaka kati ya sehemu ya kawaida na ya superkondakta ni wa gharama, na kipande kinapunguza mipaka kadiri kinavyoweza. ξ ikiwa ndogo, mpaka unaleta faida, na kipande kinatengeneza mipaka mingi iwezekanavyo: ndizo zile nyuzi.

Risasi ina λ ya nanomita 37 na ξ ya nanomita 83. Kappa ni 0.45, aina ya kwanza. YBCO ina λ ya nanomita 150 hivi na ξ isiyofika nanomita 2 kwenye tabaka zake za shaba na oksijeni. Kappa inakaribia 100, aina ya pili bila ubishi.

Kila uzi unabeba kiasi kilekile cha uga, 2.07 × 10⁻¹⁵ weba, haupungui wala hauzidi. Kwa hiyo nyuzi zinahesabika. Kwenye uga wa 0.1 T, millimita moja ya mraba ya YBCO ina:

```
0.1 × 10⁻⁶ / (2.07 × 10⁻¹⁵) ≈ nyuzi milioni 48
```

Zimeachana kwa nanomita 155 hivi. Umbali huo ni karibu sawa na λ, kwa hiyo uga wa uzi mmoja unaingiliana na wa jirani yake, ilhali viini vyao vya ξ vimetengana mbali. Katikati ya viini hivyo mkondo unapita bila ukinzani.

Jambo zuri la kujaribu kwenye karatasi ni risasi yenyewe. Ukiichanganya na indiamu, hata kwa asilimia 2 hivi ya uzito, elektroni zinagongana mara nyingi zaidi na atomu ngeni. ξ inafupika, λ inarefuka, kappa inavuka 0.71, na risasi inageuka aina ya pili. Jotoridi lake kikomo halijasogea kiasi cha kuonekana.

## Hatua ya 6: Soma mchoro wa mtihani bila kudanganywa na umbo

Maswali ya mtihani huleta mchoro wa usumaku wa kipande dhidi ya uga wa nje. Aina ya kwanza: mstari unaopanda moja kwa moja kwa ukubwa, kisha unaporomoka wima kwenye kikomo. Aina ya pili: unapanda moja kwa moja hadi kikomo cha chini, unapinda, kisha unashuka polepole hadi sifuri kwenye kikomo cha juu. Niobiamu safi kwenye 4.2 K inapinda karibu na 140 mT na kuisha karibu na 270 mT.

Sasa chukua data hii: tufe la risasi safi kwenye 4.2 K. Mstari unaanza kupinda kwenye 35 mT na unafika sifuri kwenye 53 mT. Wengi huandika aina ya pili, kikomo cha chini 35 na cha juu 53.

Ni kosa. Tufe linausukuma uga pembeni, na uga huo unajibana kwenye mzingo wake wa katikati hadi kuwa mara 1.5 ya uga wa nje. Uga wa nje ukiwa 35.3 mT, pale katikati tayari ni 52.9 mT, ambacho ndicho kikomo cha risasi tulichokihesabu Hatua ya 4. Kuanzia hapo tufe linagawanyika matabaka mapana ya kawaida na ya superkondakta, hadi uga wa nje wenyewe ufike 52.9. Matabaka hayo yanaonekana kwa hadubini. Hayahusiani na nyuzi za 2.07 × 10⁻¹⁵ weba. Kwa sahani bapa iliyolala kukingama uga, hali ni mbaya zaidi: mstari unaanza kupinda uga ukiwa mdogo sana.

Kwa hiyo kabla ya kuandika aina, tafuta kwenye swali maneno yanayoeleza umbo la kipande na mwelekeo wa uga. Kama ni waya mrefu mwembamba uliolazwa sambamba na uga, uamini mpindo. Kama ni tufe, zidisha uga wa mpindo kwa 1.5 na ulinganishe na mahali mstari unapoishia: zikilingana, kama 35.3 na 52.9, una aina ya kwanza. Kama ni sahani iliyokingama, omba data ya kipande hichohicho kikiwa kimegeuzwa sambamba na uga. Usipoipata, andika kwamba mchoro huo peke yake hautoshi kutaja aina, na ueleze kwa nini.